Kiitikio cha lugha mbili: tatizo liko kwenye silabi mbili za mwisho

"Shikamoo mwalimu. Naimba Bongo Fleva, nipo Mbagala. Nina kiitikio nilichochanganya Kiswahili na Kiingereza, lakini prodyuza wangu anasema Kiingereza kinasikika kama kimebandikwa, na hata mimi nikijisikiliza naona aibu kidogo. Matamshi yangu si mabaya, nimesoma hadi kidato cha sita. Tatizo ni nini? Biti iko tempo 96, kila mstari unachukua baa mbili. Kiingereza nimekiandika kama ninavyokiimba.

Usiku silali nakuwaza wewe
Bikoz ai kant stop thinkin abaut yu
Njoo nyumbani usiniache
Yu a dhi wan dhat mai hat wont foget"

Marahaba, mdogo wangu. Hapo kwenye kuandika Kiingereza kama unavyokiimba umeanza vizuri, na mimi nitafuata mtindo huohuo, kwa sababu sikio la msikilizaji halioni tahajia. Matamshi yako hayana kosa. Ungempa mistari hii mtu aliyezaliwa London aiimbe kwa melodi yako, bado ingesikika imebandikwa. Kosa liko kwenye melodi yenyewe, hasa silabi mbili za mwisho wa kila mstari.

Kiswahili kina tabia ambayo sisi tuliozaliwa nayo hatuigundui mpaka tuonyeshwe. Mkazo wa neno unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema uSIku, siLAli, nakuWAza, nyuMBAni. Yapo maneno machache yanayokwepa, kama "lazima", ambalo wengine huanza nalo kwa nguvu, lakini ni ya kuhesabu. Kwa hiyo karibu kila mstari wa Kiswahili unaisha vilevile: silabi nzito, kisha silabi nyepesi yenye irabu wazi. WEwe. Ache. Unapotunga melodi ukiwa na maneno ya Kiswahili kichwani, melodi inazoea mwisho huo bila wewe kuamua. Inapanda au inakaa kwenye silabi ya kabla ya mwisho, halafu inashuka.

Kiingereza hakina utaratibu huo. Mkazo wake unakaa popote, na maneno yake mengi ya kila siku ni ya silabi moja tu, tena yanafungwa kwa konsonanti. Ukiuchukua mstari wa Kiingereza na kuuweka ndani ya melodi iliyozaliwa na Kiswahili, nzito inaangukia panapotakiwa nyepesi. Hiyo ndiyo aibu unayoisikia.

Tuhesabu mistari yako. Kwenye baa mbili una mapigo 8. Ukiimba silabi mbili kwa kila pigo, kama inavyoonekana unafanya, basi silabi ya 1, ya 3, ya 5, ya 7, ya 9 na ya 11 zinaangukia juu ya pigo, na zile za namba shufwa zinapita katikati ya mapigo. Silabi ya 9 ndiyo inayofungua baa ya pili, mahali ambapo ngoma ya kiki inagonga na sikio linasubiri kitu.

Mstari wa kwanza una silabi 12. Mikazo yake iko kwenye 2, 5, 9 na 11. Tazama mbili za mwisho: nakuWAza inatua kwenye 9, WEwe kwenye 11, zote juu ya pigo. Mstari huu ni mzuri, usiuguse.

Mstari wa pili una silabi 10. Maneno yake mazito ni koz, kant, stop, thin na baut, nayo yanaangukia 2, 4, 5, 6 na 9. Stop na baut yamepata pigo, hayo mengine yamekosa, na matatu kati ya hayo matano, kant, stop na thin, yanafuatana bila nafasi ya kupumua. Kiswahili hakikulazimishi kubeba silabi tatu nzito mfululizo, kwa hiyo mdomo wako haukuzoea kuziimba haraka. Hapo mwimbaji wa Dar hufanya moja kati ya mawili. Ama anapakaza irabu, "kanti stopi", silabi zinaongezeka na mstari mzima unabaki nyuma ya biti. Ama anazibana konsonanti kwa nguvu, na sauti inasikika kama mtu anayesoma ubaoni.

Lakini mstari unaokuumbua zaidi ni wa nne. Mstari wa tatu, "Njoo nyumbani usiniache", una silabi 10 na mkazo wa mwisho uko kwenye 9: usiniAche. Melodi imejifunza kwamba 9 ni nzito na 10 ni nyepesi. Wa nne nao una silabi 10, ukaona umepata bahati, silabi zimelingana. Kumbe 9 ni "fo" na 10 ni "get". Kiingereza kinasema foGET. Melodi yako inakulazimisha uimbe FOget. Jirekodi uone; ninakuhakikishia ndivyo unavyoimba. Silabi kulingana idadi hakutoshi, na waandishi wengi chipukizi wanaishia hapo kwenye kuhesabu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuingiza maneno ya Kiingereza mwisho wa mstari ni moja: je, yanaisha nzito kisha nyepesi, kama Kiswahili? Yapo mengi yanayofanya hivyo. Beibi. Sori. Neva. FoREva, toGEdha na riMEMba yana mkazo palepale ambapo neno la Kiswahili lingeuweka, ndiyo maana yanaingia kwenye nyimbo zetu bila mtu kushtuka. Na yapo mafungu ya maneno mawili ambayo la kwanza ni zito na la pili ni jepesi: kol mi, hold mi, lav yu, nid yu. Kwa upande mwingine, tuNAIT, aLON, foGET na biGIN yanaishia kwenye uzito. Hayo usiyaweke mwisho wa melodi ya Kiswahili, hata kama maana yake inakupendeza vipi.

Faida ya mafungu hayo ya maneno mawili ni kwamba yanakupa na vina. Kwenye wimbo, kina cha Kiswahili kinasikika vizuri zaidi kikibeba irabu mbili za mwisho, siyo moja. Lav yu ina a na u, sawasawa na "wangu", na uzito uko mahali pamoja. Nid yu inakaa na "kitu". Foreva inakaa na "tena". Ukiimba "mimi" halafu mstari unaofuata ukaufunga kwa neno zito la silabi moja lenye i, kwa karatasi vina vimelingana, kwa sikio havijalingana, kwa sababu "mi" ya mwisho ya "mimi" ni nyepesi na hiyo nyingine ni nzito.

Sasa kuna jambo la pili, dogo kidogo kuliko hilo, lakini linakuhusu. Mstari wako wa pili unatafsiri wa kwanza. Umeshasema "nakuwaza wewe", halafu unarudi kusema hichohicho kwa lugha nyingine. Anayejua lugha zote mbili anasikia umesimama, na asiyejua Kiingereza hajapata kitu kipya. Kiingereza kikiingia kiwe kinasogeza habari mbele.

Pia "bikoz" na "dhat" yatoe. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton alichunguza mazungumzo ya watu wa Nairobi wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza, na miaka ya 1990 akaeleza kwamba katika mchanganyiko wa kawaida lugha moja inashika uti wa sentensi: viambishi, njeo, upatanisho. Lugha ya pili inaingia kwa njia mbili. Inaweza kutoa mzizi wa neno unaovishwa viambishi vya lugha ya kwanza, au inaweza kutoa fungu zima linalojitegemea, ambalo yeye aliliita kisiwa. Mimi naongeza la kwangu kwa ajili ya wimbo: kisiwa kiwe kifupi. Maneno mawili, matatu, basi. Mistari yako ni sentensi ndefu zenye viunganishi, na hapa kwetu Kiingereza chenye viunganishi vingi kinanuka darasa. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo msikilizaji wako wa kwenye daladala ya Mbagala alikutana na sentensi ndefu za Kiingereza kwenye notsi za baiolojia. Kiingereza cha mapenzi alikipata kwenye nyimbo na simu, nacho ni vifungu vifupi. Usimrudishe darasani katikati ya kiitikio.

Tukijenge upya sasa. Wazo lako ni mtu asiyelala, anamsubiri mwenzake aje nyumbani. Nikajiuliza, katika hali hiyo hapa mjini, ni kitu gani ambacho mtu angekisema kwa Kiingereza bila kufikiri? Jibu lipo kwenye simu. Na anayepanga chumba uswahilini anajua geti linafungwa usiku na mwenye nyumba ana masikio. Basi:

Usiku silali nakuwaza wewe
Ukifika usipige hodi, kol mi
Geti hilo nitafungua mwenyewe
Mwenye nyumba yuko macho, beibi kol mi

Hesabu nami. Wa kwanza ni uleule. Wa pili una silabi 12: ukiFIka iko kwenye 3, usiPIge kwenye 7, HOdi kwenye 9, KOL mi kwenye 11. Mikazo yote minne imetua juu ya pigo. Zaidi ya hapo, "hodi" na "kol mi" zina irabu zilezile, o na i, na zimekaa jirani. Sikio linapopokea "hodi" tayari limeshaandaliwa umbo la "kol mi", kwa hiyo kuvuka lugha kunatokea ndani ya kina. Hiyo ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote: neno la mwisho la Kiswahili kabla ya kuvuka liwe na irabu na uzito wa neno la kwanza utakalokutana nalo ng'ambo.

Wa nne nao una 12, na uzito unaangukia 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Kila pigo lina neno lake, kwa hiyo utasikika kama unapiga hatua, na kwa mstari wa kufunga kiitikio inafaa. Beibi hapo inafanya kazi ya "hodi" kwenye wa pili: inakaa kwenye 9 na kuandaa njia.

Wa tatu una kasoro ndogo niliyoiacha kwa makusudi. NitafuNGUa inaangukia 8, nusu pigo kabla ya baa ya pili kufunguka. Ukiisukuma kidogo, iwahi kiki, inaleta mwendo wa kuvuta ambao biti za tempo hii zinaupokea vizuri. MweNYEwe inarudi kwenye 11 na kupata kina na "wewe". Msikilizaji anasamehe 8 kwa sababu 11 iko palepale. Kama 11 nayo ingepotea, asingesamehe.

Mistari yote ni silabi 12, yaani mapigo 6, na mapigo 2 ya mwisho yanabaki wazi. Kwa tempo 96 hiyo ni sekunde moja na robo. Usiijaze kwa "ye ye". Hapo ndipo watu kwenye shoo watakapoitikia "kol mi" wenyewe.

Utaniuliza, kwa nini isiwe "nipigie"? Inawezekana, lakini nipiGIe ina silabi 4 na irabu zake i na e, kwa hiyo "hodi" inapoteza mwenzake na mstari unafika 14. Ukitaka kiitikio cha Kiswahili kitupu, tunga upya kuanzia neno hilo, usilichomeke hapa. Kusema kweli, viitikio vingi vinavyoletwa kwangu ningevitoa Kiingereza chote na visingepungukiwa kitu. Hiki chako kimepata sababu.

Kuhusu ile njia nyingine, ya mzizi wa Kiingereza kuvishwa viambishi, iweke kwenye ubeti. "Nimekumisi" na "usinijaji" ni maneno ya kwetu sasa, nayo yanafuata sheria ya kwetu: nimekuMIsi, usiniJAji. Irabu ya mwisho ni lazima. Kosa ninalolisikia sana ni mwimbaji kuanza "nimeku" kwa Kiswahili safi halafu kumalizia kwa lafudhi ya Marekani bila irabu; neno moja linakuwa na wenyewe wawili. Kinyume chake pia ni kosa: ndani ya kisiwa usipakaze irabu. Ni "kol mi", si "koli mi". Kwa kifupi, kilichovaa kiambishi cha Kiswahili kitamkwe Kiswahili, kilichosimama peke yake kibaki na umbo lake.

Kuna hali moja ambapo haya yote yanageuka. Kama neno unalolitaka kwa nguvu zote linaishia kwenye uzito, kama "tunait", au prodyuza amekuletea melodi inayokatika ghafla juu ya pigo, usianze na Kiswahili. Anza na Kiingereza, acha melodi ijifunze kuishia kwenye uzito, kisha tafuta Kiswahili kinachoweza kuishia hivyo. Huna mengi ya kuchagua: "tu" ndilo linalokuja haraka. "Ni wewe tu" na "onli yu" vinakaa pamoja vizuri kwa njia hiyo, kwa sababu "tu" inaweza kubeba pigo zito peke yake. Lakini mistari minne yote ya namna hiyo itachosha. Kiswahili kitaanza kusikika kimekatwa mkia.

Kabla hujarudi studio, zima biti na uimbe kiitikio kwa "la" tupu huku unapiga makofi, silabi kwa silabi, ukikaza pale melodi inapokaza. Kisha sema maneno kwa mdomo wa kawaida, bila kuimba, kwa makofi yaleyale. Popote ambapo uzito wa kusema na uzito wa kuimba unatofautiana, zungushia kalamu. Kwenye kiitikio chako cha zamani utazungushia kalamu "kant" na "foget". Halafu mwimbie mtu ambaye hajaona karatasi, mara mbili tu, umwombe akurudishie. Akiimba Kiswahili na kumung'unya maneno pale penye Kiingereza, kisiwa chako bado hakijakaa. Akikurudishia "kol mi" bila kufikiri, endelea.

Na siku ya kurekodi, kwenye "kol" shikilia o, usishikilie l. Konsonanti hiyo ifunge mwishoni kabisa, mdomo ukiwa tayari unaelekea "mi". Ukiishikilia l itakuwa nzito kooni na neno litasikika "koo". Sauti za nyuma mwambie prodyuza ziimbe "ko mi", bila l kabisa. Sauti tatu nne zikirundikana, konsonanti za kufunga hazifiki pamoja hata waimbaji wawe makini vipi, na kinachosikika ni mtawanyiko wa mikwaruzo. Sauti ya mbele peke yake ibebe konsonanti, nyingine zibebe irabu. Hilo la l usiliache kwa fundi wa kumiksi, kwa sababu yeye atabaki kulikata kipande kwa kipande wakati wewe ungeweza kulimaliza mbele ya maiki.